Kilo Moja ya Nyama, Sahani Ngapi?

Kwenye migahawa midogo ya Dar es Salaam, ile ya meza sita na benchi mbili ukutani, bei ya wali nyama mara nyingi hupangwa kwa kumtazama jirani. Jirani anauza 3,500, basi na huyu anauza 3,500. Mmoja akipandisha, wengine husubiri kuona kama wateja watamkimbia, kisha nao wanapandisha. Jirani mwenyewe aliitoa wapi hiyo 3,500? Huenda naye aliichungulia ng'ambo ya barabara.

Pale hesabu inapofanyika, hufanyika buchani. Kilo moja watu kumi, ndivyo wengi walivyozoea, kwa hiyo kilo tano ni sahani hamsini. Kilo ikiwa shilingi 11,000, nyama ya sahani moja ni 1,100. Mwenye mgahawa anajumlisha mchele, maharage, mboga na viungo, anapata 2,200 na ushei. Akiuza 3,500 anaona faida ya karibu 1,300 kwa kila sahani. Jioni pesa ya kwenye droo haifanani na hesabu hiyo hata kidogo, na lawama ya kwanza humwangukia mhudumu anayepokea pesa.

Pengine mhudumu kweli ana mkono mwepesi. Lakini kabla ya kumfukuza, kuna sufuria ya kupima.

Tuchukue mgahawa wa mfano, wenye vyakula viwili tu ili hesabu isitupotee: wali nyama wa 3,500 na wali maharage wa 2,500. Bei za sokoni zitakazotumika hapa ni za mfano pia, na kila msomaji ataweka za soko lake. Kisichobadilika sana kutoka soko hadi soko ni jinsi chakula kinavyopungua au kuongezeka kikipita jikoni, na hapo ndipo hesabu ya kilo moja watu kumi inapoanguka.

Mama mwenye mgahawa amenunua kilo tano za mchanganyiko, nyama na mifupa yake, kwa 55,000. Anapokatakata, anatenga mifupa mikubwa, mafuta mazito na utando. Vikipimwa peke yake vinafika gramu 900. Mifupa haitupwi, inaingia kwenye mchuzi kuongeza ladha, lakini hakuna mteja anayehesabiwa mfupa mtupu kama kipande cha nyama. Imebaki kilo 4.1. Hiyo inachemshwa mpaka iive, kisha inaungwa. Nyama ya ng'ombe ikipikwa hivi hupoteza maji na mafuta mengi, na si ajabu theluthi nzima ya uzito kwenda na mvuke na mchuzi. Katika mfano wetu imepotea asilimia 35. Mama anavitoa vipande kwa kijiko chenye matundu, anavipima, na mizani inasoma kilo 2.66.

Zilizolipiwa ni kilo tano, zinazoweza kupakuliwa hazifiki hata kilo mbili na robo tatu. Ukigawa 55,000 kwa 2.66 utaona kwamba kilo ya nyama iliyoiva imemgharimu mama zaidi ya 20,600, karibu mara mbili ya bei iliyoandikwa kwenye ubao wa bucha. Vipande vitatu vya kawaida, vyenye gramu 70 kwa pamoja, vinatosha sahani 38. Basi nyama ya sahani moja ni takriban 1,450, si 1,100. Shilingi 350 zimeyeyuka kabla mtu hajaketi.

Hapa inafaa kusema neno juu ya steki. Wengi huikwepa kwa sababu kilo yake ni ghali, lakini ulinganifu wa haki ni wa kilo iliyoiva. Steki haina mfupa wala utando mwingi wa kutoa, kwa hiyo ikiuzwa 13,000, na ikipoteza hiyo asilimia 35 jikoni, kilo yake iliyoiva inakuwa 20,000. Ni chini kidogo ya mchanganyiko wa 11,000. Si kila bucha itatoa jibu hilo, na anayeuza supu asubuhi ana sababu nzuri ya kutaka mifupa, maana mifupa hiyo inamletea pesa nyingine. Asiyeuza supu apime zote mbili kabla ya kuamua ipi ni rahisi.

Mchele unakwenda kinyume na nyama. Unakunywa maji na kuongezeka, kwa hiyo kilo moja mbichi hutoa kilo mbili na nusu au zaidi za wali, kutegemea aina ya mchele na maji ya mpishi. Tuseme zimetoka kilo 2.6. Gramu 150 ni ukoko uliong'ang'ania chini ya sufuria, unaoliwa na wafanyakazi au kutupwa. Zinabaki kilo 2.45, ambazo kwa gramu 350 kila sahani ni sahani saba kamili. Mchele wa 2,800 kwa kilo unatoa wali wa shilingi 400.

Hiyo ni kama mpakuaji anapakua gramu 350. Wali haupakuliwi kwa mizani, unapakuliwa kwa mkono, na mkono una huruma. Mteja wa kila siku anaongezewa kidogo, fundi mwenye njaa anaongezewa zaidi. Sahani zikizoea gramu 400, kilo ileile inatoa sahani sita, na wali umepanda kutoka 400 hadi karibu 470. Dawa yake si kumnyima mtu nyongeza. Ni kupakua kwa bakuli moja lisilobadilika, lililojazwa na kusawazishwa, ili nyongeza iwe uamuzi wa mwenye mgahawa badala ya kuwa tabia ya upawa. Mchuzi na maharage navyo vina upawa wao.

Vingine tuvipite haraka. Kilo ya maharage ya 3,000 ikiiva hutoa karibu kilo mbili na nusu, na kijiko kinachowekwa pembeni ya wali nyama ni kama shilingi 150. Mchicha wa mafungu manane ya shilingi 500 unaonekana mlima kwenye karai na kiganja kwenye sufuria. Kwa sahani 38 ni 105 kila moja. Lita ya mafuta, nyanya, vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, pilipili na ndimu vinakula 13,300 kwa siku, yaani 350 kwa sahani. Watu huviita vidogovidogo na kuviacha nje ya hesabu, ilhali vikijumlishwa vinakaribia bei ya wali wenyewe. Halafu kuna kipande cha tikiti maji, ambacho mteja anakiona cha bure. Kinagharimu 100.

Jumla ya vilivyomo sahanini ni 2,555.

Wengi waliofika hapa huona kazi imekwisha, lakini kuna pengo jingine ambalo mizani haiwezi kulionyesha. Sahani 38 zimepikwa, zilizouzwa ni 34. Mbili wamekula mpishi na mhudumu, na si wizi, ni makubaliano. Mbili zimebaki saa kumi jioni, na zimeishia kwa mlinzi na kwa kuku wa jirani. Chakula kile kimenunuliwa chote, na wanaolipa ni wale wateja 34 peke yao. Vitu vyote vya sufuria ya wali nyama vimegharimu karibu 97,100. Gawa kwa sahani zilizouzwa, utapata takriban 2,855. Shilingi 300 nyingine zimeongezeka kwenye kila sahani, bila bei ya sokoni kupanda hata senti.

Ndiyo maana daftari la sahani zilizouzwa lina thamani kuliko risiti za sokoni. Halihitaji kuwa zuri. Mistari mitatu kwa siku inatosha: zilizopikwa, zilizouzwa, zilizobaki. Baada ya wiki mbili daftari litaanza kusema mambo yake, kwamba Ijumaa mchana wateja wanahama kwenda kula pilau kwingine, kwamba mvua ikinyesha saa sita nusu ya sahani zinabaki. Mpishi anayejua hivyo hupunguza sufuria asubuhi badala ya kugawa chakula jioni.

Sasa tutoke kwenye sufuria. Kuna gharama ambazo mteja hazioni kwenye sahani ila zipo: mpishi na wahudumu wawili, 31,000 kwa siku, pango la 300,000 kwa mwezi, ambalo kwa siku 26 za kazi ni kama 11,500, mtungi wa gesi wa kilo 15 unaoisha kwa siku tano, 12,000 kwa siku, umeme, maji, sabuni na ada ya taka, 6,000, leseni, kodi ya makadirio na vyombo vinavyochakaa, 5,500. Jumla ni 66,000. Kisha kuna mtu mmoja anayesahauliwa kila mara, naye ni mama mwenyewe. Anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni na kufunga mlango jioni. Kama angeajiri mtu wa kufanya kazi hiyo angemlipa. Tumwekee 20,000 kwa siku, na gharama za kufungua mlango zinafika 86,000.

Akiuza sahani 80 kwa siku, 34 za nyama na 46 za maharage, kila sahani inabeba 1,075. Ongeza kwenye 2,855 ya chakula. Wali nyama umegharimu 3,930, na unauzwa 3,500.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama kila sahani ya nyama inakula hasara ya 430, mgahawa huu mbona haujafungwa? Jibu liko kwenye wali maharage. Hauna nyama, una maharage mara mbili, na viungo vyake ni vichache. Chakula chake, pamoja na kile kinachobaki bila kuuzwa, ni takriban 1,250. Ukiuzwa 2,500, unaacha 1,250 za kulipia pango, gesi na mishahara. Wali nyama, ukitoa 2,855 kwenye 3,500, unaacha 645. Sahani ya bei ndogo, inayonunuliwa na mteja anayesema leo hali si nzuri, inaacha pesa karibu mara mbili ya ile ya mteja aliyekuja na noti ya elfu kumi.

Hiki ndicho kipimo ambacho mwenye mgahawa mdogo angepaswa kukishika kuliko vyote: bei ukiondoa chakula, inabaki ngapi? Kugawa pango sawasawa kwa kila sahani ni njia ya kuonea picha tu, kwa sababu pango halijui nani amekula nyama na nani maharage. Linachotaka ni kwamba masazo yote ya siku yakijumlishwa yafike 86,000. Kwenye mfano wetu, nyama inaleta karibu 21,900 na maharage 57,500. Ni 79,400. Zinapungua 6,600, na zinatoka mfukoni mwa mama, ambaye kumbe hajilipi 20,000 bali 13,400 hivi. Haoni hasara kwa sababu hasara yenyewe ni jasho lake, na jasho halina risiti.

Vitabu vya hoteli vina kanuni ya kwamba chakula kisizidi theluthi ya bei. Kwa kanuni hiyo wali nyama wa mama ungeuzwa zaidi ya 8,500, na kufikia saa saba mchana angekuwa anaula mwenyewe. Kanuni ile imetengenezwa kwa mahali penye vitambaa mezani, wahudumu wengi na kiyoyozi, ambako gharama kubwa si chakula bali ni jengo na watu. Mgahawa wa benchi una jengo la bei nafuu na sahani za bei nafuu, na chakula kumeza zaidi ya nusu ya bei si jambo la kushtua kama wateja ni wengi. Kuichukua asilimia ya hoteli na kuibandika Buguruni ni kujitafutia kilio.

Basi afanye nini? La kwanza linalomjia kila mtu ni kupandisha bei, na la pili ni hofu kwamba wateja watakimbia. Hofu hiyo inaweza kupimwa. Akiuza wali nyama 4,000, kila sahani itaacha 1,145 badala ya 645. Ili asalie palepale alipo leo, asiwe na zaidi wala pungufu, anahitaji kuuza sahani 20 tu za nyama. Anaweza kupoteza wateja 14 kati ya 34 na droo isione tofauti, ilimradi apunguze sufuria kwa kiasi hicho. Akibaki na 25 analipa gharama zote pamoja na ujira wake kamili. Na wale waliokataa 4,000, baadhi yao hawatakwenda mbali. Watahamia kwenye wali maharage, ambao unamwachia pesa zaidi kuliko alivyokuwa akipata kwenye nyama yao.

Kuna njia ya pili, ya kupunguza nyama kutoka gramu 70 hadi 60. Kilo 2.66 zitatosha sahani 44, na nyama ya sahani moja itashuka kutoka 1,450 hadi 1,250. Hesabu inapendeza, ila mteja wa kila siku ana jicho la fundi cherehani. Kipande kikipungua anajua. Tena zile sahani sita za ziada ni faida kama zitauzwa. Zikibaki, amehamisha nyama kutoka kwenye sahani ya mteja kwenda kwenye bakuli la kuku. Kwa mgahawa huu, bei mpya yenye nyama ileile ni salama zaidi kuliko bei ya zamani yenye nyama iliyopungua kimyakimya.

Chakula cha kubeba nacho kina hesabu yake. Kifungashio, kijiko cha kutupa na mfuko vikiwa 300, na sahani inaacha 645, basi karibu nusu imekwenda kwenye vifungashio. Migahawa inayodai pesa ya kifungashio haina uchoyo. Vilevile anayepeleka chakula ofisini kwa bodaboda anatakiwa ajue nauli ile inalipwa na nani kabla hajakubali kupeleka sahani mbili ghorofa ya nne.

Hesabu hii ina mipaka yake, na mkubwa ni kwamba haikai. Nyanya hupanda mvua zikiharibu mashamba na barabara, mchele hushuka baada ya mavuno, nyama hupaa sikukuu zikikaribia. Bei ya kwenye ubao haiwezi kucheza kila wiki pamoja nayo, kwa hiyo inapangwa kwa kuangalia miezi migumu, si ile ya neema. Idadi ya wateja nayo hubadilika. Mwezi wa Ramadhani kwenye miji ya pwani, mgahawa wa mchana unaweza kushuka kutoka sahani 80 hadi 40, na hapo gharama za kufungua mlango zinaruka kutoka 1,075 hadi 2,150 kwa sahani. Hakuna bei ya mchana itakayoziba hilo. Wanaojua huhamia kwenye futari, hupunguza wafanyakazi kwa makubaliano, au hufunga mchana.

Kosa linaloonekana sana kwa wanaoanza kupima ni kupima mara moja na kuamini. Nyama ya leo ilikuwa na mifupa michache, ya kesho itakuwa na mingi. Mpishi akibadilika, maji ya wali yanabadilika. Apime sufuria tupu kwanza na kuandika uzito wake ubavuni kwa rangi, ili asihangaike kumwaga chakula kila akitaka kukipima. Apime siku tano za kazi, achukue wastani, kisha arudie bei za sokoni zikibadilika sana au akibadilisha bucha.

Asiye na muda wa kupima vyote aanze na nyama peke yake, kwani ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya gharama ya chakula kwenye sahani ile. Mizani ndogo ya jikoni inamtosha. Apime kilo zilizotoka buchani, apime zilizoiva, ahesabu sahani zilizouzwa nazo, ndipo aandike bei ubaoni.